Saa 2:00 ni saa 2:00: namna ya kuikumbusha timu kuhusu kuchelewa bila kumwaibisha mtu

Ujumbe wa kwanza niliowahi kuwaandikia wenzangu kuhusu kuchelewa niliuandika nimesimama, kwa hasira, saa 2:27 asubuhi. Nasimamia kiwanda kidogo cha kufungasha asali hapa Tabora. Tuko tisa na mimi wa kumi. Asubuhi hiyo wafugaji nyuki watatu walikuwa wamekaa nje kwenye benchi na ndoo zao tangu alfajiri, wametoka Sikonge, na ndani mizani ilikuwa haijawashwa. Nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi la wasapu: "Kuna watu wamegeuza hapa kuwa kwa baba yao. Wenyewe mnajijua. Aliyechoka kazi aseme tumtafutie mbadala."

Dakika mbili baadaye dada anayebandika lebo akaingia, simu mkononi, uso umemshuka. Kila aliyekuwa ndani akamtazama. Mwezi mzima alikuwa amechelewa mara moja tu, siku hiyo hiyo, kwa sababu ya pancha ya bajaji. Mchelewaji wa kila wiki alikuwa ameshafika dakika tano kabla yangu, na ndiye aliyecheka kwa sauti. Yule dada alinisalimia kwa wiki mbili kama anavyosalimiwa afisa wa kodi.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho nakiandika hapa. Ni utaratibu wa timu ndogo, ya watu watano hadi ishirini, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake na maneno yanasafiri haraka kuliko bodaboda.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kuandika

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika mambo mawili kila asubuhi: kazi yenyewe imeanza saa ngapi, na kila mtu ameingia saa ngapi. Daftari likae kwenye droo yako. Usilibandike ukutani wala usilifungue mbele za watu, kwa kuwa orodha ya majina ukutani ni aibu hata kama hujaandika neno lolote pembeni yake.

Hilo la kwanza, saa kazi ilipoanza, ndilo utakalolitumia kwenye ujumbe. La pili ni lako peke yako, na litakusaidia kuamua kama ujumbe wa kundi unahitajika au la.

Sisi tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo wiki mbili ni siku 12. Laini ya kujaza chupa ilipaswa kuanza saa 2:15. Ilianza kwa wakati siku 3. Siku 9 zilizobaki ilichelewa, kwa wastani wa dakika 25. Laini ina watu wanne: mmoja anajaza, mmoja anafunga vifuniko, mmoja anabandika lebo, mmoja anapanga kwenye katoni. Akikosekana mmoja, watatu wanasimama. Dakika 25 mara siku 9 ni dakika 225, na ukizidisha kwa watu wanne unapata saa 15 za kazi zilizopotea. Hii namba sikuitia kwenye ujumbe, nitaeleza kwa nini, lakini ilinisaidia mimi mwenyewe kuacha kusema "mnachelewa sana" na kuanza kusema kitu kinachoeleweka.

Nilipotazama upande wa majina, mambo mawili yalinishtua. La kwanza: kati ya tisa, sita walikuwa wamechelewa angalau mara mbili. Kwa hiyo lilikuwa jambo la timu kweli. Kama ningekuta ni mmoja au wawili tu, ujumbe wa kundi ungekuwa woga. Unawapigia kelele saba wanaowahi kwa sababu unaogopa kuongea na wawili, na wale saba wanalijua hilo vizuri. Mimi najiwekea mpaka: wachelewaji wakiwa chini ya theluthi ya timu, sitoi ujumbe wa kundi. Naongea nao mmoja mmoja, faragha.

La pili liliniuma zaidi. Katika siku zile tisa, siku nne chanzo kilikuwa geti. Ufunguo ulikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyefika baada ya saa 2:00. Watu walikuwa nje wamesimama, kisha mimi naingia na kuwaandika kwamba wameingia 2:08. Kwa hiyo kabla hujaandika, pitia daftari ukijiuliza kwa kila siku: mtu huyu alichelewa kufika, au alifika akakuta pamefungwa? Kama geti, ufunguo, jenereta, au gari la ofisi ndivyo vinavyochelewesha, kumbusho kwa timu halitabadilisha kitu, na litakuharibia heshima.

Hatua ya pili: sema "kufika" maana yake nini

Nilipowauliza watu kwa utulivu, mmoja mmoja, kazi inaanza saa ngapi, nilipata majibu matatu. Wengine walisema saa 2:00 ni kuwa getini. Wengine, ni kuwa mezani umeshanawa na kuvaa. Mmoja alisema kwa uaminifu kabisa kwamba kwa kuwa laini inawaka 2:15, yeye hufika 2:15. Hakuna aliyekuwa mkorofi. Sijawahi kulitamka, na mkataba uliandika tu "saa mbili asubuhi".

Kwa hiyo tenganisha saa ya kuingia na saa ya kuanza. Kwetu ikawa hivi: geti linafunguliwa saa 1:45, saa 2:00 uwe umeingia ndani, na kati ya hapo na 2:15 unanawa, unavaa aproni, kofia na glavu, laini inawaka 2:15. Zile dakika 15 za kuvaa ziko ndani ya muda wa kazi. Usiwaambie watu waje saa 1:45 wajiandae bure halafu uhesabu kazi kuanzia 2:00. Ukitaka mtu awepo, hiyo ni kazi.

Jambo dogo ambalo limewahi kuleta ugomvi: andika saa kwa namna moja. Simu inaonyesha 08:00, sisi tunasema saa mbili. Ukiandika "8:00" kwenye kundi lenye watu wanaosoma saa ya Kiswahili, kuna atakayesoma saa nane mchana na kuna atakayejifanya amesoma hivyo. Andika "saa 2:00 asubuhi" na usichanganye.

Kisha weka wazi taarifa ya kuchelewa ni ipi. "Niko njiani" si taarifa. Mtu anaweza kuwa njiani akiwa bado anatafuta kiatu cha pili. Taarifa ni saa: "Nitafika 2:40." Ukijua 2:40, unamhamisha mtu wa stoo kwenye laini kwa nusu saa, na kazi inaendelea. Na taarifa hiyo ije kwako binafsi, isiwekwe kwenye kundi, kwa sababu anayeandika kwenye kundi kwamba mtoto kaugua anageuza shida ya nyumbani kuwa mjadala wa watu kumi.

Hatua ya tatu: ondoa mafumbo

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutega. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa kumsema mtu bila kumtaja, na tumekua tukiusikia kwenye vibaraza, kwenye kanga, kwenye taarabu. Tunapoambiwa "usimtaje mtu", mkono unakimbilia huko wenyewe. Tunadhani tukiondoa jina tumeondoa aibu. Kumbe fumbo linauma kuliko jina. Aliyetajwa anaweza kujitetea, ila aliyefumbiwa hana pa kuanzia. Akijibu, amejitaja mwenyewe. Na wasiohusika wanaanza kazi ya kukisia.

Rudi kwenye ujumbe wangu wa hasira, tuupasue.

"Kuna watu" ni kidole kilichofunikwa kitambaa. Msomaji haulizi "nifanye nini", anauliza "nani huyo". Ndugu zake ni "baadhi yenu", "wengine humu", na "wale wenzetu". Yote yanagawa kundi mara mbili, wema na wabaya, na kuwaachia watu wajipange.

"Wenyewe mnajijua" ni mbaya zaidi, kwa sababu wachelewaji sugu mara nyingi hawajijui. Anayejijua ni yule aliyechelewa jana kwa mara ya kwanza na bado moyo unamdunda.

"Wamegeuza hapa kuwa kwa baba yao" imehama kutoka saa kwenda kwenye malezi. Neno "tabia" hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi: "tabia hii ya kuchelewa". Ukisema tabia umehukumu mtu. Ukisema "laini ilianza 2:40" umesema kilichotokea, na hakuna wa kubishana na saa.

"Aliyechoka kazi aseme" ni tishio ambalo sikuwa na nia ya kulitekeleza, na kila mtu alilijua hilo. Tishio la namna hii hukulegeza wewe.

Kuna kosa la upande wa pili, la wasimamizi wapole. "Jamani tujitahidi kuwahi, Mungu atubariki." Nimewahi kuandika hivyo pia. Halina saa, halina tarehe, halina kitakachofuata. "Kujitahidi" hakupimiki. Mtu akifika 2:20 alikuwa akijitahidi. Uthabiti unatoka kwenye vitu vitatu tu: saa iliyo wazi, siku inapoanza kutumika, na hatua moja ambayo kweli utaichukua. Ukiwa navyo, unaweza kusema "ndugu zangu" na "asanteni" na bado ujumbe ukawa na uzito. Ukivikosa, hata uandike kwa herufi kubwa zote, utasomwa kama kelele.

Na mtego ambao wengi hatuuoni kuwa ni mtego: kuwasifu wanaowahi ndani ya ujumbe huo huo. "Nampongeza mama wa mizani, hajawahi kuchelewa hata siku moja." Umewaaibisha wanane waliobaki kwa njia ya pongezi, na mama wa mizani umemfanya adui. Kama unataka kumshukuru, na unapaswa, mshukuru siku nyingine, ana kwa ana, kwa jambo la kazi.

Utani pia uuache nje siku hiyo. Tabora ni mji wa watani, na hapa kwetu mtu anaweza kuambiwa lolote akacheka. Lakini mtani anacheka kwa sababu na yeye anaweza kukurudishia. Msimamizi anapotania kuhusu kuchelewa, hakuna anayeweza kumrudishia kwa usawa.

Hatua ya nne: chagua hatua utakayoichukua

Wazo la kwanza la wengi ni faini: elfu mbili au elfu tano kwa kila aliyechelewa, iende kwenye soda za Jumamosi. Usiiandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kukata mshahara kwa sababu chache: kama sheria iliyoandikwa, amri ya mishahara au makubaliano ya pamoja yanaelekeza au kuruhusu, kama kuna amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au kama ni deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Faini uliyoitangaza kwenye wasapu usiku haimo humo. Na hata ukiacha sheria pembeni, soda za Jumamosi zinazonunuliwa kwa pesa ya mtu fulani ni aibu inayonywewa hadharani.

Kufidia kwa kuwabakiza watu jioni nako kuna mipaka. Sheria hiyo hiyo imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na zaidi ya hapo ni saa za ziada zenye malipo yake. Huwezi kuwabakiza wote wanane kwa sababu ya mmoja.

Mimi nimechagua hatua moja: atakayechelewa mara tatu ndani ya mwezi bila taarifa, nitakaa naye faragha, na tutaandika tulichokubaliana. Ni hatua ndogo, lakini naiweza kila mara, kwa kila mtu. Ielewe pia ilivyo: ujumbe wa kundi si onyo la kinidhamu kwa mtu yeyote. Hata ukiutuma mara kumi, huwezi baadaye kumwambia mmoja wao kwamba "ulishaonywa". Onyo, la mdomo au la maandishi, ni la mtu mmoja, anapewa yeye, anapata nafasi ya kujieleza. Ukivichanganya hivi viwili utaumia siku shauri likifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatua ya tano: andika, kisha lala nao

Huu ndio ujumbe nilioutuma mara ya pili, baada ya wiki zile mbili za daftari:

"Ndugu zangu, habari za jioni.

Kuanzia Jumatatu, saa 2:00 asubuhi kila mmoja awe ameingia ndani. Saa 2:15 laini ya chupa inawaka, sote tukiwa tumenawa na kuvaa aproni, kofia na glavu. Geti litakuwa wazi kuanzia saa 1:45.

Katika siku 12 zilizopita laini ilianza kwa wakati siku 3 tu. Wafugaji wamesubiri nje na ndoo zao, na mmoja aliondoka akauza kwingine. Siku nne chanzo kilikuwa geti, ambalo ni jukumu langu. Nimelirekebisha, ufunguo wa pili uko kwa mlinzi.

Ukiona utachelewa, nipigie au niandikie mimi binafsi kabla ya saa 1:45, uniambie utafika saa ngapi.

Atakayefika baada ya saa 2:00 mara tatu ndani ya mwezi bila taarifa, nitakaa naye faragha na tutaandika tutakachokubaliana. Utaratibu huu ni wa wote, mimi nikiwemo.

Mwenye kikwazo cha kudumu cha kufika saa hiyo anione kabla ya Jumamosi mchana. Ujumbe huu hauhitaji kujibiwa hapa kwenye kundi. Asanteni."

Tazama mpangilio. Agizo limetangulia, kabla ya lawama yoyote, ili anayesoma mistari mitatu tu aondoke na kitu cha kufanya. Sababu imefuata, na ni sababu ya kazi: laini na wafugaji. Ile hesabu ya saa 15 niliiacha nje kwa sababu ikishatajwa, kuna atakayeigawa kwa vichwa na kuanza kupiga hesabu nani amekula saa ngapi. Mfugaji aliyesubiri na kuondoka anaeleweka bila kikokotoo. Wote tunamfahamu mtu aliyetoka Urambo au Uyui na ndoo mbili za lita 20, anayetaka asali yake ipimwe maji, ilipwe, awahi gari la kurudi. Kipimo kikionyesha maji yamezidi asilimia 20, asali iko kwenye hatari ya kuchacha na huenda tusiichukue, kwa hiyo anahitaji kujua mapema kama atapata pesa au atarudi na ndoo zake. Kumweka hadi saa 3 bila jibu ni kumkosea.

Kosa langu nimelitaja kwa sentensi mbili, na marekebisho yake. Sikuomba radhi kwa aya nzima. Ukijilaumu sana, watu wanaanza kukubembeleza na agizo linayeyuka.

Ukimaliza kuandika, jaribu kitu kimoja. Soma kila sentensi ukijifanya wewe ni mtu yule ambaye amechelewa mara nyingi kuliko wote, halafu usome tena ukijifanya wewe ni yule asiyechelewa kabisa. Wa kwanza akiona jina lake kati ya mistari, futa mstari huo. Wa pili akihisi ametukanwa bure, futa huo pia. Kwangu, rasimu ilikuwa na maneno "hasa siku za Jumatano". Jumatano mchelewaji alikuwa mmoja, na wote walimjua. Nikayafuta.

Hatua ya sita: saa ya kutuma

Saa ya kutuma inaweza kuuharibu ujumbe mzuri kabisa. Ukiutuma saa 2:20 asubuhi, atakayeingia 2:22 ndiye utakuwa umemtaja, hata kama ujumbe ni wa watu wote. Ukiutuma jioni ya siku ambayo mtu mmoja alichelewa kwa kishindo, ni hivyo hivyo. Subiri siku iliyopita salama. Mimi nilichagua Alhamisi, siku ambayo laini ilikuwa imeanza kwa wakati, ili kusiwe na kisa cha asubuhi cha kuufunganisha nao.

Na sema kwanza kwa mdomo. Nilikusanya watu saa ya kufunga, tumesimama, dakika nne, nikawaambia mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Maandishi yakaja baadaye kama kumbukumbu. Ujumbe unaosomwa na mtu peke yake kitandani, bila kuwa amesikia sauti yako, husomwa kwa sauti kali kuliko uliyokusudia. Unapoongea, usimkazie mtu macho. Nilimtazama mlinzi niliposema habari ya ufunguo, na mama wa mizani niliposema habari ya wafugaji. Niliposema "mara tatu" niliangalia daftari langu.

Kwenye kundi, usimtaje mtu kwa alama ya @, usinukuu ujumbe wa zamani wa mtu wa "nipo hapo jirani", wala usitume picha ya viti vitupu. Akijitokeza mcheshi akaweka vikatuni vya kucheka na jina la mwenzake, mwandikie pembeni afute. Ukimkemea hapo hapo, umeanzisha aibu ya pili.

Wiki mbili za mwanzo

Jumatatu ikifika, anza saa 2:15 na walioko. Hili ni gumu kuliko kuandika. Tulikuwa watatu kwenye laini badala ya wanne, nikasimama mimi kwenye vifuniko. Aliyekosekana alipoingia 2:21 sikusema kitu. Nilimpisha nafasi yake, nikaandika 2:21 kwenye daftari. Kimya hicho kilikuwa na uzito kuliko ujumbe.

Siku ya pili dada wa lebo alinifuata stoo. Bado alikuwa na kidonda cha ule ujumbe wa zamani.

"Bosi, samahani, naomba kuuliza. Ule ujumbe ulinilenga mimi?"

"Hapana, dada yangu. Na ule wa kwanza nilikukosea, nisamehe. Huu ni wa wote, hata mimi umenigusa, umeona habari ya geti. Wewe ukiwa na lolote la kuhusu saa, nitakuita tuongee wawili."

Jibu likiwa hivyo, liishie hapo. Usiongeze "nilimaanisha fulani", hata kwa kunong'ona, hata kwa mtu unayemwamini. Jioni hiyo hiyo litamfikia.

Kijana mmoja alifikisha mara tatu kabla wiki mbili hazijaisha. Nilimwita baada ya kazi, tukakaa nje chini ya mwembe, nikafungua daftari upande wake tu. "Tarehe hizi tatu uliingia baada ya saa mbili na hukunitaarifu. Niambie kuna nini." Ikabainika kwamba siku ambazo treni inapita asubuhi, huamka kubeba abiria wa stesheni kwa pikipiki ya shemeji yake, na treni inafika inapofika. Pesa hiyo ndiyo inayolipa chumba. Alidhani akisema nitamfukuza. Tulikubaliana siku hizo aingie saa 3:00 na atoke saa moja baada ya wenzake, akiosha matangi na machujio, kazi ambayo siku zote ilikuwa ikigombaniwa. Tukaandika, tukasaini wote wawili. Siku nyingine zote, saa 2:00.

Lakini wenzake wangemwona akiingia saa 3:00 na kuanza kunung'unika, na sikuwa na ruhusa ya kueleza habari zake. Kwa hiyo kwenye kusimama kwetu kwa jioni nilisema sentensi moja: "Wapo wenye ratiba tofauti tuliyoiandika na ofisi. Mwenye sababu naye aje tuzungumze." Wawili wakaja. Mmoja nilimkubalia, mwingine nikamkatalia kwa sababu laini isingeweza kwenda bila yeye, nikamweleza hivyo.

Daftari la siku 12 zilizofuata lilionyesha laini imeanza kwa wakati siku 10. Moja ya zile mbili ilikuwa asubuhi ya mvua kubwa, na siku hiyo watu wanne walinipigia kabla ya saa 1:45, kila mmoja akitaja saa. Sikutuma ujumbe mwingine wa kundi. Ukirudia kumbusho kila mwezi, watu wanalizoea kama tangazo la stendi. Subiri hadi daftari likuonyeshe tena kwamba zaidi ya theluthi wanachelewa.

Siku ya 11 niliyechelewa ni mimi. Mlinzi alifungua, laini ikawaka bila mimi. Niliandika kwenye kundi: "Nimeingia saa 2:12, sikutoa taarifa. Nimeiandika kwenye daftari." Hakuna aliyejibu, ila mama wa mizani alinipa glavu bila kunitazama.